Tisa Hadi Moja: Slaidi za Kumwonyesha Mwekezaji wa Mbegu

Mwekezaji wa mbegu anatia pesa kampuni ikiwa bado changa kabisa, pengine haijauza chochote. Mara nyingi wasilisho lako atalisoma peke yake, wewe haupo kumweleza. Kwa hiyo kila slaidi ijibu swali lililozuka katika slaidi iliyotangulia, la sivyo anafunga na kwenda kula chakula cha mchana. Mfano wetu ni wa vijana watatu wa San Francisco waliokuwa wakitafuta mtaji mwaka 2008 kwa jina la AirBed & Breakfast. Leo tunawaita Airbnb, na wasilisho lao liko hadharani. Haya, hesabu ianze!

9. Jalada

Jina, na sentensi moja. Ya kwao ilisema kwamba unakodi chumba kwa mwenyeji badala ya hoteli. Basi! Mtoto wa darasa la nne anaelewa, na shangazi yako anauliza bei. Ukikuta umeandika "jukwaa bunifu la kidijitali", futa haraka. Maneno hayo yanaifaa kampuni ya mbolea sawasawa na ya maharusi.

8. Tatizo

Wao walitaja matatu: bei inawaumiza wasafiri, hoteli inamtenga mgeni na mji aliokuja kuuona, na hakuna njia rahisi ya kukodi chumba kwa mwenyeji. Mafupi, na yote ni ya mtu unayeweza kumwonyesha kwa kidole.

Slaidi hii iseme nani anaumia, mara ngapi, na leo anajisaidiaje. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Asiyehangaika hata kidogo na tatizo lake hatakulipa ulitatue. Na "vijana hawana ajira" ni tatizo la wizara nzima, ndugu yangu. Lako liwe dogo kuliko hilo.

7. Suluhisho

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wahenga walikuwa wameshaiandika slaidi hii: msafiri anaokoa pesa, mwenyeji anaingiza pesa, na wote wawili wanajuana. Eleza mtu anapata nini, weka picha moja ya bidhaa ikifanya kazi, songa mbele. Mitambo iliyo nyuma ya pazia ataiuliza mwenyewe akivutiwa.

6. Ushahidi

Hapa tupunguze mwendo, maana hapa ndipo wasilisho zuri linapojitenga na ndoto. Mwekezaji ameshasikia suluhisho, na swali lake ni moja tu: kuna mtu anayelitaka kweli?

Vijana wetu hawakuwa na mauzo ya kujivunia. Wakafanya jambo la akili: wakahesabu watu waliokuwa tayari wanafanya kitu kinachofanana. Walionyesha kwamba tovuti ya Couchsurfing, ambako watu hulazana bure sebuleni, ilikuwa na watumiaji zaidi ya 600,000. Kisha wakaonyesha kuwa katika wiki moja ya Julai, matangazo 17,000 ya makazi ya muda yaliwekwa kwenye tovuti ya Craigslist kwa miji miwili tu, San Francisco na New York. Ushahidi huo hautoki mdomoni mwao. Yeyote angeweza kwenda kuuhakiki.

Ukiwa na wateja wako mwenyewe, waonyeshe hao kwanza: wangapi wamelipa, wangapi wamerudi kulipa tena, mwezi kwa mwezi. Waliojiandikisha bila kulipa wataje pembeni. Na tafadhali usichore jumla inayojilimbikiza tangu siku ya kwanza. Mstari huo hupanda hata biashara ikiwa imelala fofofo, na mwekezaji mzoefu anaujua tangu zamani.

Zingatia pia nafasi yake: ushahidi ulikaa kabla ya ukubwa wa soko. Nawaunga mkono kwa mikono miwili. Namba kubwa za soko humwingia zaidi mtu aliyekwisha kuona mteja halisi.

5. Soko

Wao walianza na safari bilioni 1.9 duniani. Kati ya hizo, milioni 532 ni za watu wa bajeti ndogo wanaokodi mtandaoni. Kati ya hizo, milioni 10.6 wazichukue wao. Ngazi tatu, kila moja ndani ya nyingine, na msomaji hapotei.

Ila hiyo ya tatu ndiyo ngazi dhaifu. Ni asilimia 2 ya ngazi ya pili, na asilimia 2 imetoka wapi? Bora uanzie chini: wateja unaoweza kuwafikia kwa jina la mji au mtaa, mara wanachokulipa kwa mwaka. Namba itakuwa ndogo zaidi, lakini itasimama akiisukuma.

Hata hivyo, soko halisomeki sawa kwa kila jicho. Mmoja wa wawekezaji waliowakataa vijana hawa aliona soko lao ni dogo mno. La vyumba vya wageni, dunia nzima!

4. Pesa inaingiaje

Yao ilikuwa kamisheni ya asilimia 10. Mgeni analala siku tatu kwa dola 70 kwa usiku, jumla dola 210, kampuni inabaki na kama dola 20. Zidisha kwa safari milioni 10.6, unapita dola milioni 200. Slaidi tamu hii! Kila namba ina mzazi. Yako ikiwa na njia tano za mapato, chagua moja inayolipa sasa, nne zisubiri foleni.

3. Washindani na njia ya kuwafikia wateja

"Hatuna mshindani" ni sentensi ya kumfukuza mwekezaji. Wao waliwapanga wote kwenye mistari miwili iliyokatana: rahisi au ghali, mtandaoni au nje ya mtandao. Kuhusu wateja, waliamua kuwafuata palipojaa watu na pasipo vitanda, kama kwenye tamasha la Oktoberfest la Munich.

2. Timu

Wabunifu wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, na mhandisi mmoja, Nathan Blecharczyk. Anayetengeneza bidhaa yumo ndani, hakukodiwa. Hilo ndilo la kuonyesha, pamoja na sababu ya ninyi kuliweza tatizo hili. Kama mmewahi kujenga na kuuza kampuni, ipandisheni slaidi hii ikae mara tu baada ya jalada. Picha ya washauri kumi na wawili wenye suti iacheni nyumbani.

1. Ombi

Mficha uchi hazai. Taja kiasi! Wao walitaja dola 500,000, kwa miezi 12, ili wafikishe safari 80,000. Kiasi, muda, na mahali pesa itakapowafikisha: vitatu hivyo vikae pamoja.

Yako ihesabu hivi. Tuseme kampuni itatumia dola 12,000 kwa mwezi. Chukua miezi 18, maana kutafuta mtaji unaofuata kunaweza kula nusu mwaka, na hutaki kuomba ukiwa na sanduku tupu. Hiyo ni dola 216,000. Ongeza akiba ya dharura, omba 250,000. Kisha andika mwezi wa 12 utakuwa na wateja wangapi wanaolipa, idadi itakayomtosha mwekezaji anayefuata. Ukiandika "masoko asilimia 40, mishahara asilimia 60" pekee, umemwonyesha pesa inakokwenda bila kumwambia italeta nini.

Mwaka 2008 vijana wetu waliunganishwa na wawekezaji 7: watano wakakataa, wawili hawakujibu. Mwaka 2009 kampuni ya Sequoia iliwapa mtaji wao wa mbegu, na 2020 hisa zao zikaingia sokoni. Kwa hiyo kagua hesabu za slaidi ya 5, ya 4 na hii ya 1 zisigombane, kisha tuma kwa wengi.