Jinsi ya Kutolipia Hewa kwa Bei ya Kuni

Kabla hujamlipa mwenye kuni, jua kwamba rundo lolote lina bidhaa mbili, kuni na hewa, na hewa haijawahi kuivisha maharage. Kazi yako wewe mtunza stoo wa shule ni kujua ipo kiasi gani.

Anza na vipimo vya nje. Tuseme rundo la mikaratusi lina urefu wa mita 4 na magogo ya mita 1. Kimo usikipime kwenye kilele anachokuonyesha muuzaji. Kipime sehemu tano, kisha tafuta wastani. Ukipata mita 1.5, rundo lina mita za ujazo 6, hewa ikiwa ndani.

Sasa ipunguze hiyo hewa. Simama mbele ya vichwa vya magogo, nyoosha futi kamba mshazari hadi sentimita 400, halafu jumlisha zile sentimita zinazopita juu ya mti tu. Rudia kwa mshazari wa upande wa pili. Ukipata 262 na 250, wastani ni 256. Gawanya kwa 400, upate 0.64. Zidisha kwa 6: kuni zenyewe ni mita za ujazo 3.84.

Usitetemeke. Magogo ni mviringo, hayashikani kama matofali. Hata yangekuwa yamenyooka na kulingana unene, yakipangwa moja juu ya jingine kwa mistari, yangejaza asilimia 78 au 79 tu. Magogo halisi yaliyonyooka kiasi huwa kati ya 0.6 na 0.7. Yaliyopinda na kubakiwa na vikonyo vya matawi hushuka hadi 0.5, na hapo ndipo bei rahisi inapokula pesa za shule. Tuseme rundo letu linauzwa shilingi 2,500 kwa kila mita ya ujazo ya rundo: 15,000 kwa 3.84, yaani kama 3,906 kwa mita ya kuni halisi. Jirani anauza rundo la ukubwa uleule kwa 2,200 kila mita, ila lake ni 0.5. Hapo 13,200 inanunua mita 3 tu, kila moja 4,400. Wa bei ya chini ndiye ghali.

Futi kamba, hata hivyo, huona uso tu. Kwa hiyo pima na upande wa nyuma, kisha mulika tochi kati ya magogo. Ukikuta magogo yaliyokingamana, au vipande vifupi viwili vilivyoachiana nafasi katikati, hesabu yako imezidisha kuni. Mwombe muuzaji apange upya, magogo yote yakielekea upande mmoja, ndipo upime tena. Akisema hana muda, lipa kwa hesabu ya 0.5 au mwache aondoke na rundo lake.