Simba wa Nyakiriba Anahamia Brussels

Hongera, shangazi, unahama Nyakiriba, Rwanda, kwenda Brussels na mbwa wako Simba. Tiketi yako umeshakata. Kuhusu ya Simba, hebu keti kwanza.

Lazima awekewe chipu yenye tarakimu 15 chini ya ngozi, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo ikitangulia chipu, haihesabiwi, hata kama daktari anamjua Simba tangu hajafumbua macho.

Haya, tuseme mambo yote mawili yamefanyika kwa mpangilio huo Machi 1. Subiri siku 30, damu itolewe Machi 31, iende kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, kwa kuwa Rwanda haimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo hicho. Kinga ikifika 0.5 au zaidi, yaani amefaulu, usipige vigelegele bado: kuna miezi 3 ya kungoja, tangu siku damu ilipotolewa. Tumeshafika Julai. Kumbe karantini yenyewe Simba anaitumikia uani kwako, akibwekea kuku.

Cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali nacho usikikimbilie mapema. Kina siku 10 tu za kukufikisha kwenye ukaguzi wa kuingia Ulaya.

Imebaki kreti. Mashirika ya ndege yanataka mnyama aweze kusimama wima, kugeuka na kujilaza kwa raha. Soma tena sharti hilo, shangazi, kisha ukitazame kiti chako cha daraja la kawaida.