Jinsi ya Kupunguza Bia Bila Kupunguza Hata Moja

Umeamua kupunguza. Maamuzi ya namna hii hufanyika Jumatatu asubuhi, kichwa kikigonga, na mwongozo huu utakufikisha salama Jumatatu inayofuata, kichwa kikigonga vilevile.

Anza kwa kujiwekea kikomo cha wiki, ila usipime kilichomo ndani ya chupa, maana ukipima utaharibu starehe. Waingereza, kwa mfano, tangu 2016 wanashauriwa na madaktari wakuu wa serikali yao wasivuke vipimo 14 kwa wiki, na kila kipimo ni mililita 10 za kilevi chenyewe. Bia yetu ya nusu lita, yenye kilevi asilimia 5, inabeba mililita 25, yaani vipimo viwili na nusu. Wiki nzima basi inakuwa chupa tano na nusu hivi. Kile kichupa cha Konyagi cha mililita 200, asilimia 35, kina mililita 70: nusu ya wiki yako imejificha kwenye mfuko wa shati. Wewe kihesabu kuwa ni kimoja.

Sasa panga siku kavu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano hazina tabu kwa sababu hela haipo. Alhamisi nayo ipitishe kwa maji, ukijisifu. Ijumaa jioni utakuwa umejiwekea akiba ya chupa tano zote, na mtu mwenye akiba ana haki ya kutumia. Wale madaktari wanasema anayefikia vipimo 14 avigawe kwa siku tatu au zaidi, lakini hao hawajawahi kukaa meza moja na shemeji yako aliyepokea mshahara.

Ini hufanya kazi yake taratibu, kwa wastani kipimo kimoja kwa saa, na halisikii kahawa wala maji ya baridi kichwani. Bia moja huchukua kama saa mbili na nusu. Ukianza saa moja jioni ukanywa tatu, mwili utamaliza kazi saa nane na nusu usiku. Ukinywa sita, utakuwa bado na kitu damuni mpaka saa nne asubuhi, ukiwa umeshika usukani na umevaa shati safi la kanisani.

Kwa hiyo usiziachie nafasi bia zako. Mwachie mhudumu. Yeye ana macho: chupa ikibaki vidole viwili, anafungua nyingine bila kuuliza, kisha mtu wa meza ya pembeni anatuma ofa, kisha zamu yako ya kuzungusha inafika. Hapo mezani zimesimama tatu na wewe unakimbizana nazo zisipate moto. Mtu anayetaka kweli kupunguza angemwambia mhudumu mapema, kabla ya kuketi, "Dada, yangu usifungue mpaka nikuite." Angeagiza chupa kubwa ya maji pamoja na bia ya kwanza, akamaliza glasi ya maji kabla ya kuita ya pili. Na angejitoa kwenye mzunguko, anunue zake alipe zake, hata wakimwita mchoyo. Hilo la mchoyo ndilo gumu. Kiu mtu huizoea.

Angeweka pia visoda mfukoni. Kila chupa inayofunguliwa, kisoda chake kinaingia mfukoni, cha ofa kikiwemo, na nyumbani vinatumbukizwa kwenye kopo moja mpaka Jumapili usiku. Kumbukumbu ya mnywaji hukatika baada ya chupa ya tatu, kisoda hakikatiki. Wewe viache vikanyagwe sakafuni.

Jumapili ni siku kavu, isipokuwa ile moja ya kuzimua pamoja na supu. Hiyo haihesabiki kwa kuwa ni dawa.

Kuna mmoja ambaye hapa simtanii. Ni yule ambaye mikono humtetemeka na jasho kumtoka asubuhi mpaka apate kitu. Huyo asikate ghafla kwa siku kavu za kujipangia, kwa sababu mwili uliozoea hivyo unaweza kumwangusha kwa degedege. Aanzie hospitali, apunguze akiwa chini ya uangalizi.

Mimi nilijaribu njia ya visoda mwezi uliopita. Jumamosi mke wangu akakung'uta suruali yangu juu ya beseni, vikadondoka vinane.

"Baba Asha, si ulisema mbili?"

Nikamweleza kwamba sita nilikuwa nimemshikia shemeji.