Maneno Yanachelewa Ibada

Tangu Kwaya ya AIC Shinyanga ivume nchi nzima, kila kwaya kuanzia Kahama hadi Geita inaamini imebakiza video moja tu nayo ivume. Na kwa kuwa video ya kuchezea kando ya ziwa inataka sare mpya, basi na mafuta, wengi hunijia hapa Shinyanga mjini kutaka ile ya bei poa: mawingu yanatembea, msalaba umesimama, maneno yanatokea kadiri yanavyoimbwa.

"Si ni kuandika tu, mwanangu?" huniuliza wenyeviti. Ni kuandika tu! Na wachimbaji wa Nyarugusu nao wanafukua tu.

Kila mstari unatakiwa kupangiwa saa ya kuingia na saa ya kutoka, mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Nao usiingie pale pale sauti inapoanza, maana jicho linataka nafasi ya kusoma. Mimi hutanguliza kama theluthi ya sekunde. Kutoka ndiko kwenye kesi. Waimbaji wetu wakishalishika "Bwana" hawaliachii upesi, na ukiondoa mstari wakati irabu bado inavutwa, utapigiwa simu.

Sasa wamekuja watu wa Katoro na wimbo wa dakika nne. Nikakaa na Subtitle Edit, nikitazama mawimbi ya sauti, nikaupanga wote. Ubeti wa pili ulianza hivi:

```
12
00:02:00,000 --> 00:02:04,300
Nimeleta mikono yenye vumbi, Bwana
```

Ukakaa barabara. Studio ikaleta wimbo "uleule, umesafishwa tu", nikauweka mahali pa ule wa kwanza, nikatuma Katoro. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Maneno yako yanachelewa ibada."

Mweka hazina akadakia kwa nyuma kwamba dawa ni kurudisha yote nyuma sekunde mbili, mbona jambo dogo. Nikamfanyia, ili apone. Mistari ya mwanzo ikawahi mpaka ikasomeka kabla mwimbaji hajavuta pumzi, ya mwisho ikabaki inachechemea, na mahali fulani kabla ya ubeti wa pili ikakutana na sauti kwa bahati. Kwa kipande hicho Katoro walishangilia.

Wenye kazi hii tunajua kwamba kuchelewa kuna tabia. Maneno yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo umekatwa kichwani, na hapo dawa ya mweka hazina inafaa. Yakienda sawa halafu ghafla yakaruka, kuna kipande kimetiwa au kimetolewa katikati. Lakini yakianza na kuchelewa kidogo, kisha pengo likakua kila ubeti, mwendo umebadilika. Yangu yalichelewa karibu nusu sekunde mstari wa kwanza, sekunde mbili na nusu ubeti wa pili, na zaidi ya nne kuelekea amina.

Nikampigia mpiga kinanda. Akaapa hawakugusa kitu.

"Tuliichangamsha tu kidogo, kaka."

Kidogo chenyewe ni kutoka mapigo 96 kwa dakika hadi 98. Sikio halikushtuka, kwa sababu kompyuta za siku hizi hukimbiza wimbo bila kupandisha sauti. Ila gawanya 96 kwa 98, zidisha kwa sekunde 120 za ubeti wa pili, unapata 117.55. Mstari uliotakiwa kuingia dakika ya 1 na sekunde 57 ulikuwa bado unasubiri dakika ya 2 itimie, kwa utiifu wote.

Nikafuta ile dawa ya sekunde mbili. Kwenye Subtitle Edit kuna `Point sync`: unachagua mstari wa karibu na mwanzo na mwingine wa karibu na mwisho, unaipa saa zake za kweli, nayo inapiga hesabu ya mistari yote. Usiitegemee kama wimbo umekatwa katikati, maana inadhani mwendo ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Kwa Katoro ulikuwa mmoja, mistari ikarudi kwenye nafasi zake.

Nikadhani tumemaliza. Besi wakatuma ujumbe: mbona maneno yao hayapo? Wao huingia nyuma ya sauti ya kwanza, wakirudia "mikono, mikono", wakati wenzao wameshafika "vumbi". Nikaeleza kwamba macho ya watu hufuata sauti inayoongoza. Hawakutaka kusikia. Nikawapa mstari wao chini, herufi ndogo, wenye saa zake.

Leo asubuhi tena wamepiga. Wanasema "Bwana" wao wanaimba na a nyingi, nami nimeandika moja tu. Nimewaongezea tano. Sauti ya kwanza wamepata habari, wanataka sita.