Makabidhiano ya Viatu Visivyotakiwa Kurudi

Mdogo wangu, karibu kazini. Najua bosi amekwambia kazi ya matangazo ni nyepesi: unapiga picha kiatu, unakiweka Instagram na kwenye katalogi ya WhatsApp, unasubiri muamala uingie. Bosi hajawahi kupokea simu ya usiku ya mtu aliyeshindwa kuvaa alichonunua. Mimi nahamia stoo kufungua marobota, basi nakukabidhi kazi kwa maandishi, kwa sababu dukani hapa maagizo ya mdomo husahaulika kabla ya chai ya saa nne.

Hapa Karume kiatu cha mtumba kikiwa kizuri na bei yake haina kiburi, kitanunuliwa hata kwa picha ya ovyo. Kazi yako ni kuhakikisha hakirudi. Kila sheria utakayosoma humu ilizaliwa na kiatu kilichorudi ndani ya boksi la sabuni, kikiandamana na maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Tuanze na namba, maana ndiko vilio vingi viliko. Ndani ya ulimi wa raba kuna kilebo chenye UK, US, EUR na pengine CM. Kijana aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alikuwa anachukua namba yoyote iliyomvutia. Siku moja akaandika: "Raba kali, namba 8, wahi." Mzee mmoja wa Morogoro, aliyevaa 8 ya Kiingereza tangu ujana wake, akatuma pesa na nauli ya basi juu. Nane ya mzee ni kama 42 yetu. Nane ya kwenye lebo ilikuwa ya US, tena ya kike, ambayo ni kama 39. Kisigino chake kilibaki nje kama konda wa daladala. Alipiga picha, akaituma bila neno hata moja, na sote dukani tukaielewa.

Wamarekani, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wana namba za kiume na za kike, na kwa mguu uleule ya kike huizidi ya kiume kwa karibu moja na nusu. EUR haina ubaguzi huo. Kila namba inapanda kwa theluthi mbili za sentimita, awe baba au mama. Kwa hiyo andika EUR peke yake. Hata hivyo usiiamini sana, kwa kuwa viwanda havikubaliani, na kwenye mtumba nusu ya lebo zimeshafutika.

Ndiyo maana kwenye droo kuna tepu ya fundi cherehani. Toa soli ya ndani, ilaze mezani, pima kutoka kisigino hadi ncha. Kisha mwombe mteja asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Apime miguu yote miwili, jioni ikiwa imeshavimba kidogo, achukue ulio mrefu. Soli izidi mguu kwa kama sentimita 1. Mguu wa sm 26.2 na soli ya sm 27.3, funga mzigo. Soli ya sm 26.5, mwambie hapana, hata akiapa kwamba ngozi itaachia. Ngozi huachia upana, vidole vinaumia kwenye urefu.

Halafu pima viatu vyote viwili. Robota halina huruma: tumeshapata jozi ya rangi moja, mtindo mmoja, kushoto 42 na kulia 43. Mteja wake alifikiri ana tatizo la nyonga.

Sasa soli ya nje, na hapa naomba uwe makini kuliko bosi. Bosi anapenda viatu ambavyo havijavaliwa. Akiona buti linang'aa na soli haina hata vumbi, anaongeza bei kabla hajalishusha chini. Buti la namna hiyo lilikwenda kwenye harusi Temeke. Bwana aliyelivaa alipoingia kucheza, soli ikaanza kumeguka vipande vyeusi, na dada wa ukumbi akawa anamfuata nyuma na ufagio akidhani ni keki.

Soli ile ilikuwa ya poliyurithani, povu gumu jepesi linalotumika sana kwenye buti na viatu vya kutembelea. Unyevu wa hewa hulila kwa ndani taratibu, mwaka hadi mwaka, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini, na joto huharakisha. Kwa hiyo upya wake ndio mtego: huenda hakijavaliwa kwa sababu kimesahaulika stoo ya mtu miaka mingi, kisha kimekuja kumalizia uzee kwenye hewa ya Dar. Kabla ya kupiga picha, bonyeza ubavu wa kisigino kwa ukucha na ukikunje kiatu. Ukiona nyufa, ukisikia kinanata, au makombo yakibaki kidoleni, hakipandi mtandaoni. Gundi haisaidii kitu. Dawa ni fundi kubadilisha soli nzima. Soli ya mpira halisi haina tabia hiyo, ila hulika, na kulika huko kunaonekana kwenye picha.

Kiolezo ni hiki, usikipambe:

Kiatu: raba ya ngozi, nyeupe, ya kiume
Namba: EUR 42, soli ya ndani sm 27.3, kushoto na kulia
Soli: mpira, imelika kidogo kisigino cha kulia
Dosari: mkwaruzo wa mm 8 karibu na kamba, picha ya 4
Bei: sh 35,000, usafiri juu ya mteja
Mahali: Karume, Ilala

Piga picha mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, kwa sababu ile taa yetu ya njano hugeuza cheupe kuwa maziwa ya jana. Pembeni ya dosari weka sarafu ya shilingi 200, ile ya simba wawili, ili mteja aone ukubwa wake asije akasema tulificha. Maneno "kama mpya" ni marufuku. "Imebaki moja tu" pia, maana mtumba wote umebaki mmoja tu. Na bei iandikwe. Ukiandika "njoo inbox", watakuja, na kila mmoja atauliza bei.

Kiatu kikiuzwa, kiondoe mtandaoni hapohapo, kisha shuka chini ukahakikishe bosi hajamuuzia mpita njia jozi hiyohiyo. Ana mkono mwepesi na kumbukumbu nzito. Jozi iliyolipiwa ifunge kamba pamoja, ibandike jina la mteja, iweke juu ya kabati ambako bosi hafiki bila stuli.

Mwisho, kwenye simu ya duka kuna namba imehifadhiwa kwa jina "Mwisho Bei Gani". Atakupigia kesho kuhusu buti la kahawia la 43. Atakuita mkuu, atakusalimia hadi ukoo, ataomba umpunguzie elfu tano. Usimpunguzie wala usimgombeze. Yeye anavaa 45, tumeshampima. Msikilize tu mpaka salio lake liishe.