Kufuli Lako, Kodi Yako

Kabati la shemeji liliingia stoo kwetu likae wiki mbili. Likakaa miaka mitatu.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, moto ulikuwa ng'ambo ya mpaka, lakini matetemeko yaliyofuata hayakuuliza pasipoti. Nyumba nyingi za Gisenyi zilipasuka kuta, ya shemeji ikiwa mojawapo. Akapakia vitu vyake kwenye gari akavipandisha kwetu Bugeshi, ambako baba watoto alikuwa amepanga stoo ya viazi kando ya barabara iendayo mpaka wa Kabuhanga. Kitanda, cherehani, meza na lile kabati la milango mitatu. Nyumba ilikarabatiwa, kitanda kikarudi mjini, cherehani ikarudi. Kabati likabaki. "Nitalifuata, shemeji," aliniambia kila Krismasi.

Mwaka 2024 tukamaliza kujenga stoo yetu nyuma ya jiko, na hapakuwa tena na sababu ya kulipa faranga 20,000 kila mwezi. Mwishoni mwa Juni baba watoto akakutana na mwenye stoo sokoni, akamwambia tunahama. Mzee akaitikia, "Sawa, mwanangu." Kwa mume wangu, jambo likawa limekwisha.

Tarehe 4 Julai mzee akabisha hodi kudai kodi.

"Mzee wangu, si nilikwambia tunahama?"

"Uliniambia. Hukuniandikia."

Akatoa mkataba mfukoni, karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Kifungu kilikuwa kifupi: anayetaka kuhama atoe taarifa kwa maandishi, ya mwezi mmoja kamili unaoanza tarehe mosi, na stoo irudishwe tupu na safi kama ilivyopokewa. Barua ingeandikwa Juni, mwezi wa taarifa ungekuwa Julai. Kwa kuwa iliandikwa siku ile ile ya Julai, mezani kwangu, mwezi kamili ukawa Agosti. Tofauti ya siku chache ikazaa kodi ya mwezi mzima.

Baba watoto akajaribu mlango mwingine: tulipoingia tuliweka dhamana ya mwezi mmoja, basi dhamana hiyo iwe kodi ya Agosti. Mzee akakataa, na kusema kweli alikuwa na hoja. Dhamana ni ya uharibifu na uchafu. Mpangaji akishaila kama kodi, siku ya kuondoka mwenye stoo hana cha kumshikia, na mpangaji hana cha kumfanya ashike ufagio.

Hasara ya fedha tuliimeza. Iliyonikera ni ya mbegu. Viazi vya kupanda tulivyovuna Juni vilikuwa bado vimelala mwezi Julai: macho yamefumba, unaweza kuvitia kwenye gunia ukavihamisha bila madhara. Lakini usingizi wa kiazi ni wa miezi miwili mitatu tu. Mwisho wa Agosti, wiki chache kabla ya kupanda, macho yanakuwa yamefunguka na machipukizi yameanza. Ukivirusha kwenye gunia wakati huo, vinasuguana na machipukizi yanakatika. Kiazi kitachipua tena, ila kwa nguvu pungufu, na shamba litaota kwa kupishana.

Nikamsihi mume wangu tuhamishe mbegu mapema, hata kama kodi ya Agosti tumelipa. Akasema stoo iliyolipiwa haiachwi wazi. Tutahama siku moja, vyote kwa pamoja, siku ya mwisho.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, 31 Agosti. Nani katika nyumba hii alitazama kalenda? Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Toka saa mbili hadi saa tano asubuhi nchi nzima iko kwenye kazi ya jumuiya, na gari halitembei bila kibali. Dereva wa Fuso tuliyempa malipo ya awali akatupigia simu: atafika mchana. Sisi wenyewe tulikuwa mtaroni na makoleo pamoja na majirani, tukizibua njia ya maji. Baada ya kazi kukawa na mkutano, na mkutano wa mtaa haukatizwi kwa sababu ya kabati.

Saa saba tukafungua stoo. Viazi vya kula vilikuwa upande wa giza, kama inavyotakiwa, maana kiazi cha kula kikipigwa na mwanga kinakuwa kijani na kuwa kichungu, tena kina sumu. Mbegu zilikuwa juu ya vichanja upande wa dirisha, zimetandazwa kwa tabaka jembamba. Mbegu hutaka mwanga hafifu, usio wa jua kali, ili machipukizi yawe mafupi, manene na ya kijani. Kichanja cha kwanza kilikuwa hivyo hasa, machipukizi ya urefu wa ukucha, magumu.

Kisha vijana wakaliondoa kabati. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya dirisha ambayo miaka yote haikuona mbegu, na mwaka huu baba watoto alikuwa ameongeza kichanja pale. Mbegu za hapo zilikuwa zimetoa nyuzi nyeupe ndefu kama mkono wa mtoto, zimepinda kutafuta mwanga pembeni mwa mbao. Ukigusa tu, zinavunjika. Chini ya kabati kiazi kimoja kilikuwa kimeoza na kutoa maji meusi yaliyoingia kwenye saruji.

Mbegu nzuri tulizipanga kwenye vikapu na kreti, safu chache, bila kurundika. Zile za nyuma ya kabati tuliziondoa nyuzi, tukazitenga zichipue upya kwenye mwanga. Doa tulilisugua kwa sabuni na majivu mpaka likafifia. Mashimo ya misumari ya vichanja yalileta mabishano, hadi mzee akakubali tumwachie vichanja vyenyewe badala ya kuziba.

Jioni baba watoto akafunga mlango kwa kufuli letu, ili vichanja visiibwe kabla mzee hajaja kesho yake. Mzee, ambaye alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara muda wote, akasimama.

"Kufuli lako, kodi yako," akasema. "Likilala hapo usiku huu, Septemba imeanza na wewe bado uko ndani."

Kufuli likatolewa. Mzee akafunga kwa la kwake, akahesabu faranga 20,000 za dhamana, nasi tukaandika karatasi mbili: stoo imepokewa tupu na safi, vichanja vimeachwa, hakuna anayemdai mwenzake. Mkuu wa mudugudu aliyekuwa akipita akatia sahihi ya ushahidi. Fuso ikateremka Gisenyi na kabati, kwa gharama ya shemeji. Hilo mama mkwe ndiye aliyeliamua, kwa simu, kwa maneno machache.

Kwa hiyo msomaji mwenye stoo ya kupanga: andika barua kabla ya tarehe mosi, mwenye stoo asaini nakala yako. Panga siku ya kuhama kwa kufuata hali ya mali iliyomo, usingoje siku ya mwisho ya kodi, na uepuke Jumamosi ya umuganda. Na mkishakabidhiana, ondoka na kufuli lako.