Hongera kwa Kufuta Gemu

Kijana wa Mbagala ana daftari la bajeti, limepigwa mistari kwa rula: gemu, shilingi 15,000 kwa mwezi, basi. Mwezi wa pili kadi imekatwa 27,000. "Lakini ile gemu nyingine nilishaifuta!" Hongera, mkuu. Umefuta picha kwenye kioo. Usajili uko palepale, unakula kwa jina lako. Kufuta programu hakusitishi makato. Fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Payments & subscriptions, halafu Subscriptions. Tarehe ya makato yajayo imeandikwa hapo, wala haijifichi. Chagua usajili huo, gusa Cancel subscription leo. Muda uliokwisha kuulipia utaendelea kuucheza. Na daftarini, kaka, andika tarehe ya makato kando ya bei.